Barua pepe ya mishahara imemfikia mtu asiyehusika

"Nimetuma faili la mishahara ya wenzangu kwa mtu wa nje anayefanana jina na mhasibu wetu. Nifanyeje?"

Pole sana. Kama ulituma kiungo cha faili lililo mtandaoni, anza kwa kuondoa ruhusa ya kulifungua, maana hapo bado una uwezo. Kama ni kiambatisho, nakala iko kwake tayari. Usitegemee kitufe cha kurudisha ujumbe: kwa kawaida hakifanyi kazi nje ya mfumo wa ofisi yenu.

Mwandikie ujumbe mpya. Ukijibu ule wa kwanza au kuusambaza, unaweza kumpelekea faili mara ya pili. Usitaje mishahara wala majina, na usimtishie sheria. Hana kosa, na vitisho humfanya mtu afungue aone kuna nini. Andika hivi:

"Habari. Leo saa 4:10 asubuhi nilikutumia kwa makosa barua pepe isiyokuhusu. Naomba usiifungue wala kuisambaza. Tafadhali ifute, pamoja na nakala iliyo kwenye pipa la taka na faili kama ulilipakua, kisha unijibu kuthibitisha. Samahani kwa usumbufu."

Sehemu ya pipa la taka ni muhimu, kwa sababu ujumbe uliofutwa hukaa humo kwa siku kadhaa.

Mjulishe msimamizi wako na anayeshughulikia ulinzi wa data sasa hivi, bila kusubiri jibu, na bila kuwaambatishia faili lenyewe. Yule uliyemtumia faili asipojibu, mpigie. Uthibitisho wake utunze, ingawa ni neno lake tu. Huwezi kukagua kifaa chake.