Dosari ya Kinjeketile

"Niko kidato cha sita, Lindi. Mwalimu kasema insha yangu ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, ni masimulizi tu. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, anza na dosari ya shujaa, si Vita vya Majimaji. Kinjeketile anawapa watu imani kwamba maji yatawakinga na risasi kabla hajaielewa vizuri mwenyewe. Anapoingiwa na shaka na kuwataka wasubiri, neno limeshamtoka mikononi. Hiyo ndiyo hoja ya utangulizi.

Aya ya kwanza ioneshe hadhi yake: makabila yanaungana kwa ajili yake. Ya pili dosari, ya tatu anguko, risasi zinapoua. Ya nne iendeleze hoja: mwishoni anakataa kutamka kwamba maji ni uongo, ingawa ameshashindwa.

Ukikuta "halafu" nyingi kuliko "kwa sababu", bado unasimulia. Mpango huo mwoneshe mwalimu kabla hujaandika.