Akikusalimu kisha akaandika "basi, usijali"

Jumanne moja saa 4 usiku mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo Dodoma, aliniandikia: "Shikamoo mama mdogo." Kabla sijaitikia ukaingia ujumbe wa pili: "Basi mama, usijali." Kisha nikaona "anaandika" inatokea na kupotea, mara mbili, na kimya.

Ujumbe wa namna hiyo niliwahi kuupata miaka kadhaa nyuma kutoka kwa mdogo wangu wa kiume, na nilikosea. Nilimtumia meseji sita mfululizo: kuna nini, unaumwa, mbona hujibu. Nikampigia mara tatu. Asubuhi nikamwambia mama, naye akampigia akilia. Mdogo wangu akasema hakuna kitu, na kwa miezi mingi hakuniandikia tena isipokuwa salamu za sikukuu. Baadaye sana aliniambia kwamba usiku ule alitaka kujua tu kama nipo macho. Mbio zangu zilimwonyesha kwamba jambo lake, likitoka, litakuwa la ukoo mzima.

Kwa hiyo safari hii nilikaa na simu mkononi kama dakika tano, nikaandika ujumbe mmoja: "Marahaba mwanangu. Haya, sawa. Leo nipo macho hadi saa 5. Kesho kuanzia saa 10 jioni nipo peke yangu nyumbani. Ukitaka kuongea nibipu tu, nitapiga mimi. Usipotaka pia ni sawa. Lala salama."

Marahaba imetangulia kwa sababu salamu yake ilikuwa bado inaning'inia, na aliyesalimu asiitikiwe hujiona amefukuzwa. "Haya, sawa" inamwonyesha kwamba nimelisikia neno lake la kurudi nyuma na sibishani nalo. Saa nimezitaja kwa sababu "nipo muda wowote" haimsaidii mwenye aibu: hajui kama muda wowote ni sasa, wakati wa chakula, au mbele ya watu wengine. Na kubipu kunamwondolea sababu ya vocha, ambayo watu huitumia sana kujizuia.

Ndani ya ujumbe ule hakuna swali hata moja. Swali hudai jibu, na asiyekuwa na jibu tayari huizima simu. Kuna sababu nyingine ninayoiona nzito zaidi: hujui nani ameishika simu ile. Pengine "usijali" imeandikwa kwa haraka kwa sababu mtu ameingia chumbani. Ukijibu "nani anakusumbua?" na anayesumbua ndiye anayesoma, umemwongezea matatizo. Andika maneno ambayo yeyote akiyasoma ataona ni ya shangazi au mama mdogo anayesalimia tu.

Hakujibu. Tiki zikawa za bluu, basi. Jumamosi nikamtumia picha ya mche wa mpapai alioupanda likizo, nikaandika kwamba umeanza kutoa maua. Sikugusia Jumanne. Akajibu kwa moyo mwekundu, nami sikuongeza neno.

Kusubiri huku kuna mpaka wake. Kama maneno yanafanana na kuaga, kama mtu anagawa vitu vyake au anasema amechoka kuishi, usingoje mpapai. Mpigie, na umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, usimwache peke yake: mtafute aliye karibu naye akae naye na ampeleke hospitali. Na kama ni mtoto mdogo unayehisi anapigwa au anaharibiwa, Tanzania ipo namba 116, ya bure, ambayo hata mtu mzima anaweza kuipiga kwa ajili ya mtoto. Kwangu hakukuwa na dalili hizo: chuoni alikuwa anaenda, na dada yake alikuwa anaongea naye kila siku.

Siku ya tisa, saa 11 jioni, simu iliita mara moja ikakatika. Nikapiga. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Mama mdogo, uko sebuleni na watu?" Nikamwambia angoje, nikachukua kigoda nikatoka uani, nikamwambia sasa nipo mwenyewe. Alikuwa amekopa shilingi 80,000 kwenye programu ya mikopo ya simu. Baada ya siku 7 alitakiwa kulipa 112,000, na walikuwa wameanza kutuma meseji za kumtangaza kwa watu waliomo kwenye simu yake. Alihofia kwamba nami nimeipata. Swali la kwa nini hakuniambia siku ile lilinifika kwenye ulimi nikalimeza. Nikamuuliza ni nani na nani wameshatumiwa, akaanza kunitajia majina.