Taa Imezima, Skrini Yasema TRUE

Juzi kijana mmoja wa Miritini ameniandikia: "Mzee, shikamoo. Taa ya I0.3 kwenye S7-1200 imezima, lakini kwenye laptopu naona TRUE. PLC imekufa?"

Marahaba. PLC, hiyo kompyuta inayoendesha mtambo, haijakufa. Taa inaonyesha kinachofika kwenye waya, laptopu inaonyesha kinachosomwa na programu. Vikipingana hivyo, fungua kwanza Force table, jedwali la vilivyofosiwa. Yaelekea kuna mtu alifosi ingizo hilo, yaani aliilazimisha PLC isome thamani aliyoitaka yeye hata waya ukisema vingine, akaenda zake. Naijua hadithi hii kwa sababu nilibebeshwa lawama zake.

Kilikuwa kiwanda kimoja huko Changamwe. Timu iliyowasha mtambo ilitaka kujaribu pampu wakati floti ya kiwango cha chini inaizuia. Ukimodifai ingizo haikai, maana mzunguko unaofuata PLC husoma waya upya. Basi wakafosi I0.3:P iwe TRUE. Pampu ikazunguka, wakafunga laptopu, wakaondoka wakidhani fosi imeondoka nao. Wapi! Fosi hukaa ndani ya CPU mpaka mtu aunganishe tena na kubonyeza Stop forcing.

Mimi nikapokea matengenezo. Usiku mmoja tangi likakauka, floti ikaning'inia chini kama inavyopaswa, na pampu ikaendelea. Rilei ya ovalodi haikukata, kwa kuwa pampu isiyo na maji haina mzigo: ampea hushuka, hazipandi. Sili, ambayo hupozwa na maji hayohayo, ikaungua. Asubuhi meneja ananiuliza mbele ya watu, "Nani amegusa programu?" Programu haikuwa na kosa hata mstari mmoja. Taa ya MAINT, ambayo huwaka fosi ikiwapo, ilikuwa inawaka manjano ndani ya paneli tangu makabidhiano, na waliotia sahihi walikuwa wamesimama mbele yake. Hakuna aliyeniomba radhi hadi leo.

Sasa nisikilizeni, vijana. Kutazama programu ikiwa onlaini hakuna madhara, ila skrini haionyeshi kila mzunguko, kwa hiyo mpigo mfupi unaweza kukupita. Kufosi ni jambo jingine kabisa. Kama lengo ni kuona floti inafanya kazi, mtu aiinue kwa mkono. Hapo umejaribu na kebo pia. Ikibidi ufosi, andika anwani, sababu na jina lako kwenye karatasi, uibandike mlangoni pa paneli, na asimame mtu kando ya pampu mkono karibu na kitufe cha dharura. Karatasi haibanduliwi mpaka MAINT izime.

Na wewe wa Miritini, usikimbilie Stop forcing. Thamani halisi itarudi papo hapo. Kwa floti pampu itasimama tu, lakini kama kwenye jedwali kuna ingizo jingine lililofosiwa FALSE, kuna mashine inaweza kuanza. Soma jedwali lote, linganisha na taa za moduli, weka pampu kwenye manyuali, waondoe watu, ndipo ubonyeze. Kisha iinue floti kwa mkono uone kama I0.3 inabadilika.