Simu imelowa mvua: achana na mchele

"Simu imenyeshewa nikiwa kwenye bodaboda, bado inawaka. Niifukie kwenye mchele au niipulize na draya?"

Izime sasa hivi ndugu, na chaji usiiguse. Umeme ukipita penye maji ndio unaokula shaba ya saketi na kuacha kutu ya kijani. Toa kava na kitrei cha laini, futa, elekeza tundu la chaji chini, uigonge taratibu kiganjani. Kisha iache mbele ya feni siku nzima, ikibidi mbili. Mchele haukaushi kuliko hewa, na vumbi lake hugandia tunduni. Draya ndiyo mbaya zaidi: hulegeza gundi na kusukuma maji ndani. Kamera ikibaki na ukungu, usiiwashe simu. Fundi aifungue, aisafishe kwa spiriti.