Mkopeshaji hana leseni, nawe umeshalipa nusu: nani anamdai nani?

Wateja wengi wanaokuja ofisini kwangu na karatasi za mikopo ya kausha damu huanza na swali moja: “Wakili, huu mkataba ni halali?” Swali ni zuri siku ya kusaini. Fedha zikishatoka mkono mmoja kwenda mwingine, marejesho ya miezi kadhaa yakalipwa na kadi ya benki ikabaki kwa mkopeshaji, jibu lake halikufikishi mbali. Hata mahakama ikisema mkataba ni batili, bado kuna hela mkononi mwa mtu, na kuna dhamana kwenye droo ya mtu. Nizungumzie hapo, kwa sheria ya Tanzania Bara, maana ndipo watu wanapoumia.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikopa shilingi 4,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kwa miezi 6. Riba ya kila mwezi ni 800,000, kwa hiyo mwisho wa yote alitakiwa awe amelipa 8,800,000. Lakini karatasi aliyosaini haikutaja riba hata kidogo. Iliandikwa kwamba amepokea 8,800,000 taslimu kutoka kwa “rafiki yake”, mkopo usio na riba. Aliacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Kwa miezi 4 mkopeshaji akawa anachukua 800,000 mshahara unapoingia, jumla 3,200,000. Mwezi wa tano mwalimu akabadilisha kadi. Mkopeshaji akafungua shauri akidai 5,600,000 iliyobaki.

Tuanze na leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mtu binafsi au kampuni inayokopesha bila kupokea amana za wateja iko daraja la pili, na leseni yake hutolewa na Benki Kuu. Neno la kuliangalia hapo ni “biashara”. Shemeji yako akikukopesha milioni 2, hata mkikubaliana umuongezee kidogo, hajafanya biashara ya mikopo, na utetezi wa leseni hautakusaidia. Utamlipa. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wakijaribu kuwakana ndugu zao kwa hoja hii, na hakimu akawakatalia, ikawa haki kabisa.

Kwa hiyo ukitaka kusema mkopeshaji alihitaji leseni, lazima uthibitishe kwamba hii ndiyo kazi yake. Katika kesi ya mwalimu, jibu lilikuwa kwenye karatasi ile ile ya “kirafiki”. Juu kulia ilikuwa na namba iliyochapwa, 214. Jina la mkopaji liliandikwa kwa kalamu juu ya mstari wa nukta, na chini kulikuwa na nafasi ya picha ya pasipoti, jina la mwajiri na tarehe ya mshahara. Rafiki hachapishi fomu zenye namba. Tukaongeza walimu wenzake wawili walioshika fomu za aina hiyo hiyo, pamoja na taarifa ya benki iliyoonyesha kwamba siku ya kusaini kilichoingia kwenye akaunti yake ni 4,000,000, si 8,800,000. Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Mkopeshaji hakuwemo, na alipoulizwa mahakamani hakuwa na leseni ya kuonyesha. Kumbuka kwamba tarehe inayohesabika ni ya mkataba: leseni iliyopatikana baadaye haiupi uhai mkataba uliokufa tangu siku ya kwanza.

Sasa sheria yenyewe. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano ni batili kama lengo lake au malipo yake yamekatazwa na sheria, yangevuruga makusudi ya sheria fulani, au mahakama inayaona yanakwenda kinyume na maslahi ya umma. Si kila kosa la leseni linaua mkataba. Kuna sheria zinazomwadhibu mtu kwa alivyofanya kazi yake, lakini hazina nia ya kufuta mkataba wake na mteja. Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza, mwaka 1957: meli ilipakia mzigo kupita kiasi kinachoruhusiwa, nahodha akatozwa faini, ila mahakama ikasema wenye mzigo bado wanadaiwa nauli yao. Kinyume chake ni shauri la mwaka 1836 la dalali wa London asiye na leseni: alinyimwa ujira wake kwa sababu leseni ile iliwekwa kuwalinda wateja wenyewe. Leseni ya mkopeshaji iko upande huu wa pili. Imewekwa ili anayekopa ajue masharti, gharama na haki zake kabla ya kufunga mkataba. Mahakama ikimsaidia asiye na leseni kukusanya riba, itakuwa inaubomoa ulinzi huo kwa mkono wake.

Mpaka hapo riba imekwenda. Ile 4,000,000 halisi je?

Hapa ndipo wateja wangu wengi hukunja uso. Kifungu cha 65 cha sheria hiyo hiyo kinasema makubaliano yakigundulika kuwa batili, aliyepata manufaa kutokana nayo anapaswa kuyarudisha au kuyafidia. Mwalimu alipata 4,000,000. Mkopeshaji alipata 3,200,000. Ukisoma kifungu kilivyo, unaweka hesabu mbili hizo sambamba na tofauti inabaki 800,000. Ile 3,200,000 mkopeshaji aliiita riba, lakini riba hiyo haitambuliki, basi inahesabika kupunguza deni la msingi. Huo ndio msimamo tulioupeleka mahakamani.

Upo msimamo mkali zaidi, na mawakili wengine wangeanza nao: mkopeshaji asipate hata shilingi. Sheria yetu ya mikataba ilitokana na ya India ya mwaka 1872, na Mahakama ya Juu ya India ilieleza katika miaka ya 1970 kwamba kifungu cha 65 si cha mtu aliyejua tangu mwanzo kuwa anafanya jambo lililokatazwa. Kwake yeye hakuna kilicho“gundulika”, alikijua siku zote. Hoja hiyo ina nguvu dhidi ya mtu aliyechapisha fomu za kuficha riba. Hata hivyo siipendi kama hoja ya kwanza. Hakimu anamwona mbele yake mtu aliyepokea milioni 4, akazitumia, na sasa anasema hazirudishi. Ukisimama hapo peke yako, unamfanya atafute sababu ya kumsaidia mkopeshaji. Mimi huanza na hesabu ya 800,000, kisha hoja ya kukataa kila kitu naiweka kama mbadala. Mteja anayekubali deni la msingi huaminika anapokana mengine.

Kuhusu kadi, na kwa wengine hati ya kiwanja au kadi ya pikipiki, kuna shauri la Afrika Mashariki ninalolipenda sana, Singh dhidi ya Kulubya, lililotoka Uganda na kuamuliwa mwaka 1963 na Baraza la Faragha jijini London, mahakama ya rufaa ya mwisho kwa Uganda wakati huo. Kulubya alikuwa na ardhi ya mailo, yaani ardhi ya umiliki wa kudumu huko Buganda, akampangisha Singh bila kibali ambacho sheria iliyolinda ardhi za Waafrika ilikitaka. Upangaji ulikuwa haramu. Singh alikaa, akalipa kodi, na alipotakiwa kuondoka akasema: mkataba ni haramu na wewe ulishiriki, mahakama haiwezi kukusaidia. Alishindwa. Kulubya hakuhitaji kuuegemea mkataba ule, ilimtosha kusema ardhi ni yake na Singh hana haki nayo. Zaidi ya hapo, sheria iliyovunjwa ilikuwepo kwa ajili ya kuwalinda watu kama yeye, kwa hiyo hatia yake haikulingana na ya Singh.

Lipeleke hilo kwenye dhamana. Anayetaka hati yake anasema hati ni yangu, basi. Anayetaka kuishikilia ndiye anayelazimika kufungua mkataba haramu na kusema, naishika kwa sababu ya karatasi hii. Ukipanga madai yako, jiulize nani kati yenu atahitaji karatasi ile ili apate anachokitaka. Kwenye madai kinzani ya mwalimu hatukutaja mkataba kabisa tulipodai kadi yake ya zamani na nakala za vitambulisho.

Tahadhari moja. Hoja hii inamwangukia aliyevunja sheria, si yeyote aliyekuwa karibu na kosa. Nchini Kenya wapo waliokopa benki kihalali kabisa, kisha wakataka dhamana ifutwe kwa kuwa wakili aliyeandaa nyaraka hakuwa na cheti cha kazi cha mwaka huo. Kwa muda mahakama ziliwakubalia. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, ikasema nyaraka haifi kwa sababu hiyo pekee. Kosa ni la wakili, na maslahi ya umma hayawi kumwadhibu asiyehusika.

Katika shauri letu, mkopeshaji alipoulizwa namba 214 ina maana gani, na namba 1 hadi 213 ziko wapi, wakili wake aliomba ahirisho. Siku iliyofuata wakaleta pendekezo: 800,000 kwa awamu mbili, kadi irudi, fomu ichanwe mbele ya karani. Mwalimu akakubali.

Kabla ya kufika huko alikuwa nusura aharibu kila kitu. Aliitwa akaletewa karatasi mpya ya “makubaliano ya kumaliza deni” yenye 5,600,000, asaini mbele ya mashahidi. Ukiletewa ya namna hiyo usisaini. Kwa sheria, ahadi mpya ya kulipa deni batili haina msingi imara kuliko ile ya kwanza, lakini itakulazimu uanze upya kueleza deni lilikotoka, na safari hii karatasi haitakuwa na namba wala mstari wa nukta. Kama unataka kumaliza, andika kiasi ulichopokea kweli, ulicholipa kweli na tofauti yake, kisha ambatanisha taarifa ya benki au ya simu.

Na aliyelipa kupita msingi? Tuseme mwalimu angekuwa ameshakatwa 4,800,000. Kudai ile 800,000 ya ziada inawezekana, kwa kifungu cha 65 na kwa hoja ya Kulubya kwamba sheria ilikuwepo kumlinda yeye. Ila ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu sasa yeye ndiye anayeiomba mahakama impatie fedha zilizopita kwenye mkataba haramu. Huwa nawashauri wateja waiingize kama madai kinzani wakishtakiwa, na wafungue shauri lao wenyewe pale tu makato yote yanapoonekana kwenye taarifa ya benki. Aliyelipa taslimu bila risiti, tena kwa mtu aliyezoea kuandika karatasi za uongo, nitamweleza wazi kwamba namtetea asilipe zaidi, lakini cha kumrudishia sina.