"Unatuachaje?": Jinsi nilivyopata kibali cha ujenzi bila kutoa hela ya mafuta

Mwaka jana mimi na mdogo wangu tuliamua kujenga fremu mbili za biashara kwenye kiwanja alichotuachia baba. Kiwanja kimepimwa, hati ipo, pango la ardhi limelipwa. Kilichobaki kilikuwa kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Halmashauri gani sisemi, na haina umuhimu, maana nilichokutana nacho pale wengi wenu mnakijua.

Niliwasilisha maombi na ramani, nikapewa ankara, nikalipa, risiti ikaja kwenye simu. Hadi hapo safi kabisa. Hatua iliyofuata ilikuwa mkaguzi kuja kuona kiwanja. Mzee mmoja mpole, miwani imeshuka puani, akafungua faili langu, akalifunga tena taratibu.

"Mwanangu, faili lako zuri. Tatizo gari la ofisi halina mafuta. Ukitoa elfu themanini, leo hii hii tunakwenda."

Wengi tumezoea kudhani rushwa inakuja na jina lake. Haiji hivyo. Inakuja kama mafuta ya gari, hela ya maji, vocha, wino wa printa. Na ugumu uko hapohapo, kwa sababu mafuta ni kitu cha kweli. Pengine gari kweli lilikuwa kavu. Ukimjibu "mimi sitoi rushwa" umemwita mwizi mbele ya wenzake wawili waliokaa meza ya pili, na yeye ataapa, kwa haki yake, kwamba hajataja rushwa. Kuanzia hapo huna tena ombi la kibali, una ugomvi, na faili lako liko upande wake wa meza.

Kosa la pili, ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulifanya miaka ya nyuma, ni kusema "sina hela". Ukisema huna, umekubali kwamba deni lipo, na kinachobaki ni bei. "Kwani una ngapi?" Nilianza na "sina", nikaishia kutoa elfu hamsini. Wiki mbili baadaye nikapokea simu ya mtu mwingine wa ofisi ileile, safari hii kuna sahihi iliyokuwa "inasubiriwa". Faili likishajulikana kuwa ni la mtu anayetoa, kila meza linapopita watu wanalipapasa.

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nikamjibu, "Sawa mzee, hakuna shida. Basi naomba unitolee kontrol namba ya hiyo huduma nilipie hapahapa. Tunajenga wawili na mdogo wangu, yeye anataka risiti ya kila shilingi."

Ngoja nieleze kwa nini jibu hili linafanya kazi. Kwa Tanzania, tangu mfumo wa malipo ya serikali wa GePG uanze mwaka 2017, ada halali inalipwa kwa kontrol namba, yaani kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo: tarakimu 12, kwa kawaida zinaanza na 99. Ankara yake inaonyesha jina la taasisi, kiasi na malipo ni ya nini, na unalipa benki, kwa wakala au kwenye simu kupitia Malipo ya Serikali. Kwa hiyo ukiomba kontrol namba hujakataa kulipa wala hujamshutumu mtu. Umekubali, ila umehamisha malipo kutoka mfukoni kwenda kwenye mfumo. Kama ada ni halali, atabonyeza vitufe na ankara itatoka. Kama siyo, mfumo ndio unaokataa, siyo wewe. Jihadhari na kitu kimoja tu: namba ya simu ya mtu, au lipa namba ya duka, siyo kontrol namba, hata ukiambiwa "tuma hapa, tutakuingizia kwenye mfumo".

Sababu utakayoitoa iwe ya kweli. Mdogo wangu yupo na kweli anadai risiti, ana daftari. Kama wewe unajenga peke yako, sema unaandika matumizi yako. Usibuni mjomba jenerali. Mwenye vitisho vya namna hiyo hucheleweshwa kwa heshima kubwa.

Baada ya kusema, nyamaza. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mzee alinitazama kama sekunde kumi, feni inazunguka juu, na nilisikia mkono wangu ukitaka kwenda kwenye pochi wenyewe. Mtu asiyezoea ukimya ataanza kujaza: "au basi nikupe hata ishirini?" Niliweka kalamu mezani nikasubiri.

"Hii haina kontrol namba," akasema.

"Haya mzee. Basi kama haimo kwenye mfumo, naomba uniweke kwenye ratiba. Siku gari likienda upande wetu, hata alfajiri, nitakuwa kiwanjani. Ni lini mnakwenda?"

Sentensi hiyo ya pili ndiyo nusu nyingine ya kazi. Ukimnyima mtu hela bila kumpa njia ya kutokea, atatafuta kasoro kwenye faili ili asionekane ameshindwa. Ratiba ni mlango. Anaweza kukuhudumia kama mteja mwingine yeyote bila kukiri lolote. Akasema Alhamisi. Nikaandika kwenye daftari langu mbele yake, nikamuuliza jina na namba ya simu "nisikusumbue kupanda ngazi", nikashukuru, nikaondoka kabla mazungumzo hayajarudi nyuma.

Jioni nikamtumia ujumbe: "Shikamoo mzee. Nashukuru kwa kunihudumia leo. Nitakuwa kiwanjani Alhamisi kuanzia saa 2 asubuhi kwa ajili ya ukaguzi kama ulivyonielekeza." Hakuna neno la mafuta, hakuna neno la hela. Ujumbe wa aina hiyo hauna ubaya hata ukisomwa mbele ya mkurugenzi, na bado una tarehe ndani yake.

Kitu kingine kilichonisaidia nilikuwa nimekifanya tangu siku ya kwanza. Maombi yangu niliyapitisha masijala, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ombi lililoachwa juu ya meza ya mtu linaweza "kutoonekana". Lenye muhuri wa masijala likipotea, ofisi ndiyo imelipoteza. Kabla ya hapo nilikuwa nimehakikisha hakuna karatasi inayokosekana, kwa kuuliza orodha yao kisha kuweka kila kitu kwa mpangilio wa orodha hiyohiyo. Ukipeleka faili lenye pengo, pengo hilo ndilo linalouzwa. Na pale getini usisimame na vishoka. Wao ndio huwaambia watu wa ndani nani amekuja na haraka.

Alhamisi nilikaa chini ya mwembe hadi saa 7 mchana. Hakuja mtu.

Nikarudi ofisini kesho yake, salamu kwanza, habari za nyumbani, ndipo nikauliza. "Gari lilipata dharura." Akanipa Jumanne. Jumanne nayo ikapita vilevile. Mara ya tatu sikumfuata yeye, nilikwenda kwa mkuu wake wa idara, na sikwenda kushtaki. Nilimwonyesha nakala yenye muhuri na risiti, nikasema, "Naomba kujua utaratibu wa usafiri wa wakaguzi, maana tarehe mbili nimepangiwa na gari halikupatikana. Kama kuna ada ya usafiri niko tayari kuilipa kwa kontrol namba." Mkuu akaangalia tarehe ya muhuri, akanyanyua simu. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Nahisi alielewa kila kitu tangu neno "usafiri".

Kama na hapo ningekwama, ningeandika barua ya malalamiko kupitia masijala ileile. Na kama mtu angenitamkia wazi kwamba bila hela hakuna kibali, ningepiga TAKUKURU, 113, simu ya bure, kabla ya kutoa chochote. Kabla, narudia. Sheria ya mwaka 2007 inambana anayetoa kama inavyombana anayepokea, na kuahidi nako ni kosa. Kwa hiyo ile "nitakuja kukuona mzee" tunayoisema ili tutoke mlangoni siyo kauli salama, na usishangae ukipigiwa simu kukumbushwa. Kurekodi kwa simu mkononi pia sikushauri. Ukionekana, utageuka wewe ndiye mhalifu.

Mzee alikuja wiki iliyofuata na dereva, na kwenye safari hiyo walikuwa wameunganisha viwanja vingine viwili. Akapima kwa futi kamba, akakunja uso. Fremu zangu kwenye ramani zilikuwa zimesogea barabarani mno, ilitakiwa zirudi nyuma mita moja na nusu. Nilidhani ananilipizia, nikampigia mchora ramani palepale. Mchora ramani akakaa kimya kidogo, akasema, "Aah, hapo yuko sahihi." Kwa elfu themanini huenda ile mita na nusu isingepimwa kabisa, na siku moja ningeamka nikakuta X nyekundu ukutani.

Jua lilikuwa kali. Nilikuwa na maji ya chupa, nikawapa wote watatu, pamoja na kijana aliyeshika futi. Kuna rafiki yangu anasema hata maji usitoe. Mimi naona mgeni aliyesimama juani kwako kunyimwa maji ni kukosa adabu tu, mradi umpe kila aliyepo, hadharani, na bila bahasha. Lakini nilisubiri kazi iishe na fomu ijazwe ndipo nikayatoa.

Walipokuwa wanapanda gari, mzee akateremsha kioo. "Sasa mwanangu, unatuachaje?"

"Nawaacha salama kabisa mzee wangu! Fremu zikiisha, mkipita njia hii karibuni mnunue."

Dereva alicheka wa kwanza. Mzee naye akatikisa kichwa, "Wewe mtoto wewe," kioo kikapanda. Kama ningejibu kwa uso mkavu pale, sijui ripoti ingechukua siku ngapi kuandikwa.

Njia hii ina mipaka yake. Barabarani, kwa mfano, askari akikwambia "toa elfu tano yaishe", jibu ni "naomba uniandikie afande", lakini lazima uwe tayari kweli kuilipa ile faini kamili, kwa sababu ataandika. Na kwenye dharura, mgonjwa yuko kitandani na mtu kashika dawa, sina ujasiri wa kumwambia mtu asubiri ratiba.

Ramani ilirekebishwa kwa siku mbili. Nilisaini daftari la kuchukulia kibali siku ya 19 tangu yule mzee alipofunga faili langu mara ya kwanza. Fundi niliyekuwa nimempata kwa bei nzuri alikuwa ameshachukua kazi nyingine, na aliyefuata alitaka laki moja zaidi. Mdogo wangu aliiandika kwenye daftari lake, akaacha nafasi ya risiti.