Maswali na Majibu: Zamaki inayojificha kati ya brasi na alumini

Nina rundo la koki za maji na vishikio vya milango vilivyopakwa kromu. Sumaku haishiki hata kimoja. Naweza kuviweka vyote kwenye fungu la brasi?

Usiviweke bado. Sumaku inajibu swali moja tu: je, humu ndani mna chuma? Isiposhika, bado hujajua kama mkononi una brasi, alumini, zinki, shaba nyekundu au risasi. Hata aina nyingi za stenlesi haziishiki, au huishika kwa unyonge, hasa pale palipokunjwa.

Kinachochanganya watu kwenye rundo kama lako ni zamaki. Ni zinki iliyochanganywa na alumini kiasi cha asilimia 4 hivi na shaba kidogo, ikamiminwa kwa shinikizo kwenye kalibu ya chuma. Vishikio vya milango, vitasa, vishikio vya koki, kabureta na vitu vingi vya kuchezea hutengenezwa nayo. Ikishapakwa kromu, huwezi kuitofautisha na brasi kwa macho, na uzito wake mkononi unadanganya pia.

Chukua tupa, usugue pembe ambayo haionekani, na usugue kwa kina. Juu ya zamaki kwa kawaida kuna tabaka la shaba, kisha nikeli, kisha kromu. Ukikwaruza juu juu utaona wekundu au unjano wa lile tabaka la shaba na kudhani umeipata brasi. Endelea mpaka rangi isibadilike tena. Brasi itabaki ya manjano hadi ndani. Zamaki itakuwa ya kijivu chenye weupe wa buluu kwa mbali.

Jambo jingine: kishikio na mwili wa koki hiyo hiyo mara nyingi si madini mamoja. Mwili unaopitisha maji huwa brasi, kishikio huwa zamaki. Vitenganishe kwanza, kisha usugue kila kimoja peke yake.

Tupa imenionyesha kijivu, lakini alumini nayo ni kijivu. Nina mizani ndogo ya kidijitali tu. Inatosha kunithibitishia?

Inatosha kabisa, kwa sababu tofauti ni kubwa. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7. Zamaki ina gramu 6.6 hadi 6.7, zinki tupu 7.1, na brasi ya kawaida kati ya 8.4 na 8.7. Alumini na zamaki hazikaribiani hata ukipima kwa mkono usiotulia.

Kwanza pima kitu kikavu juu ya mizani na uandike gramu zake. Kisha weka chombo cha plastiki chenye maji juu ya mizani hiyo hiyo, uirudishe kwenye sifuri. Funga kitu kwa uzi mwembamba, ukishikilie kining'inie ndani ya maji, kizame chote bila kugusa sakafu wala ukuta wa chombo. Gramu ambazo mizani itaongeza ndizo sentimita za ujazo wa kitu chako, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Tuchukue kishikio cha koki kilichopakwa kromu, sumaku haikishiki, chenye gramu 412. Kikining'inizwa majini mizani inaonyesha 62. Gawanya 412 kwa 62, unapata 6.6. Hiyo ni zamaki. Kingekuwa brasi mizani ingeonyesha kama 48, na kingekuwa alumini ingeonyesha zaidi ya 150. Tabaka la kromu na nikeli ni jembamba mno kubadilisha hesabu hii, ndiyo maana naipenda njia hii: inapima kitu chote, si ngozi yake.

Angalia ukomo wa mizani yako. Ikiwa inasoma gramu nzima nzima, usipime kipande cha gramu 20. Brasi ya uzito huo ina ujazo wa sentimita 2.4 hivi, na mizani itaamua kuonyesha 2 au 3. Ukipata 2 jibu ni 10, ukipata 3 jibu ni 6.7, na brasi yako imegeuka zamaki kwenye karatasi. Kusanya vipande vidogo ambavyo tupa imeonyesha vinafanana, uvifunge pamoja, uvipime kwa mkupuo.

Nimepima kiungio cha bomba cha manjano mpaka ndani, nikapata 7.6. Si brasi, si zinki. Nimekosea wapi?

Nafikiria hewa kabla ya kitu kingine chochote. Kiungio cha bomba kina tundu, hesi na pembe za ndani ambamo hewa hujibana, na hewa hiyo huhesabiwa kama sehemu ya ujazo wa madini. Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Kiungio cha brasi cha gramu 340 kina ujazo wa sentimita 40, na jibu lake ni 8.5. Hewa ya kujaza kijiko kimoja cha chai ikibaki ndani, mizani itaonyesha 45, na jibu linashuka hadi 7.6, namba uliyoipata.

Kizamishe kwenye maji yenye tone la sabuni, ukigeuze na kukitikisa mpaka viputo viishe, kisha pima upya. Ondoa pia mpira, plastiki na springi. Vyote hivyo ni vyepesi kuliko brasi na hushusha namba.

Inafaa kujua makosa yanaelekea upande gani. Hewa iliyonaswa hushusha jibu. Kitu kikigusa sakafu ya chombo pia hushusha jibu, kwa kuwa mizani inabeba sehemu ya uzito wake. Kinachopandisha jibu ni kitu kutozama chote, au kuwa na risasi ndani. Kwa hiyo namba ya chini kuliko ulivyotarajia ni ya kupimwa tena kabla ya kuaminiwa.

Ukiisha kufanya yote hayo na bado ni 7.6, huenda umeshika shaba iliyochanganywa na alumini, ile inayotumika kwenye mabushi na panga za injini za meli. Ina rangi kama dhahabu na ni ngumu kuliko brasi. Tupa itapata kazi zaidi. Iweke peke yake.

Kuna matone ya dawa yanayotofautisha zinki na alumini papo hapo? Nina vipande vingi vyembamba, siwezi kupima kila kimoja.

Yapo mawili, na yote mawili yanahitaji doa lililosuguliwa kwa tupa muda huo huo. Juu ya kromu, rangi au mafuta hayatakuambia lolote.

La kwanza ni mrututu. Yeyusha gramu 5 katika mililita 100 za maji, kwenye chupa ya glasi au plastiki. Dondosha tone moja kwenye doa. Juu ya zinki au zamaki doa hugeuka jeusi mara moja, kwa sababu zinki huyeyuka na shaba ya mrututu hujikusanya mahali pake kama vumbi laini. Juu ya chuma cha kawaida linapakwa wekundu wa shaba. Brasi haibadiliki. Alumini nayo kwa dakika ya kwanza haionyeshi kitu au huonyesha kidogo sana, kwa kuwa ngozi ya oksidi hujirudisha haraka juu yake. Jambo la kukumbuka ni kwamba bati la chuma lililopakwa zinki nalo hugeuka jeusi, hivyo sumaku itangulie daima.

La pili ni kostiki soda, gramu 10 katika mililita 90 za maji. Tia soda ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Usimwage maji juu ya soda, kwa maana huchemka na kuruka. Juu ya alumini tone huanza kutoa mapovu baada ya sekunde chache, na mapovu hayo ni hidrojeni, kwa hiyo moto uwe mbali. Zinki kwenye joto la kawaida hutulia au hutoa kiputo kimoja kimoja. Acha tone dakika chache, lioshe, kisha tazama rangi iliyobaki. Doa jeupe ni alumini isiyo na michanganyiko mingi. Doa la kijivu cha kahawia mara nyingi ni alumini ya kumiminwa yenye silikoni, kama ya vichwa vya injini. Doa jeusi linaonyesha kuna shaba au zinki ndani yake.

Kipande chepesi kuliko alumini ambacho kostiki haikigusi kabisa ni magnesi, yenye densiti ya 1.7 hadi 1.8. Kitenge mbali na usikisuguie karibu na cheche. Unga wake ukishika moto, maji huuzidisha, na mchanga mkavu ndio wa kuufunika.

Kostiki hula ngozi na inaweza kupofusha jicho, kwa hiyo vaa glavu za mpira na miwani ya kinga, na uwe na ndoo ya maji safi kando yako. Mrututu usiumwage mtaroni, unaua samaki. Watu wengine hutumia asidi ya nitriki kwa kazi hii. Mimi sioni sababu: moshi wake wa kahawia unachoma mapafu, na haikuambii kitu ambacho tupa, mizani na matone haya mawili hayajakuambia.

Kipande kimoja cha zamaki kikipotelea kwenye brasi au alumini, kweli kinaharibu kitu?

Kwenye brasi, tatizo ni alumini iliyo ndani ya zamaki, si zinki, maana brasi yenyewe ina zinki tele. Alumini kidogo tu hutengeneza utando wa oksidi unaokunjwa ndani ya kitu kinapomiminwa, na koki iliyotengenezwa hivyo huvujisha maji kupitia ukuta wake. Kwenye alumini, zinki iliyozidi huifanya iwe dhaifu wakati ingali ya moto, ikapasuka ndani ya kalibu inapoganda.

Upande wa pili ndio mkali zaidi. Zamaki haivumilii risasi: viwango vya utengenezaji huiwekea ukomo wa karibu asilimia 0.005, yaani gramu 5 katika kilo 100. Brasi nyingi za koki zina risasi asilimia 2 au 3, ili zikatike vizuri kwenye mashine. Kwa hiyo gramu 250 za brasi hiyo zikitumbukia kwenye kilo 100 za zamaki, ukomo umefikiwa au umepitwa, na vitu vitakavyotoka humo vitavimba na kupasuka vyenyewe kila vinapokutana na unyevu.